Lita 800 zilikwenda wapi?

Upungufu wa mafuta kituoni una mshitakiwa wake wa siku zote: mvuke. Tajiri akiuliza kwa nini tangi lina petroli pungufu kuliko daftari, anajibiwa kwamba imepaa na hewa, si unajua petroli ilivyo. Tajiri asiyelikubali jibu hilo naye ana mshitakiwa wake, mhudumu wa pampu, na si ajabu upungufu huo ukakatwa kwenye mshahara wa kijana aliyesimama juani mwezi mzima. Mara nyingi wote wawili wanakuwa wamekosea, na anayelipia kosa hilo ni yule asiye na nguvu ya kubisha.

Njia nzuri ya kuliona jambo hili ni kuchukua hesabu ya mwezi mmoja na kuifuata lita kwa lita. Kituo cha makala haya ni cha mfano, kipo mjini Iringa, na takwimu za mauzo yake zimetungwa. Viwango vya mvuke, vya joto na vya usahihi wa pampu ni vile vinavyotumika kweli na wapimaji.

Kituo kina tangi moja la petroli la lita 30,000, limefukiwa ardhini. Asubuhi ya tarehe mosi lilikuwa na lita 14,200. Katika siku 30 zilizofuata lilishushiwa mafuta mara kumi, lita 12,000 kila mara, zikipimwa ndani ya boza kabla ya kushushwa. Jumla ni lita 120,000. Mita za pampu zinasema zimeuzwa lita 121,300. Kwa hesabu ya daftari, tangi linatakiwa kubaki na lita 12,900. Meneja anapiga dipu mwisho wa mwezi na kukuta lita 12,100. Lita 800 hazionekani. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi milioni 2 na laki 4.

Kabla ya kumtafuta mwizi, inafaa kuichunguza dipu yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotoa hukumu.

Fimbo ya dipu hufutwa ikakauka, ikapakwa dawa ya kuonyesha alama pale ambapo usawa wa mafuta unatarajiwa kufika, na dawa nyingine ya kutambua maji kwenye ncha ya chini. Huteremshwa taratibu mpaka iguse sakafu ya tangi, kisha hutolewa na kusomwa mara moja. Ikidondoshwa kwa pupa hudunda, na mafuta huruka juu ya usawa wake. Ikiingia mshazari, husoma zaidi ya kilichopo. Petroli nayo hukauka upesi kwenye fimbo isiyo na dawa, kiasi kwamba anayechelewa kusoma anatafuta mstari ambao umeshafutika. Mpimaji makini hurudia mara mbili, na vipimo vikitofautiana hurudia tena. Akishapata milimita, hufungua jedwali la tangi linaloonyesha kila kimo ni lita ngapi.

Hapo kwenye jedwali ndipo palipo na mtego. Tangi ni mcheduara uliolazwa, hivyo milimita moja haina uzito sawa kila mahali. Tangi la kituo chetu lina kipenyo cha mita 2.4 na urefu wa mita 6.6 hivi. Mafuta yakiwa katikati, ambako tangi ni pana kuliko kote, milimita moja ni karibu lita 16. Yakiwa yamebaki sentimita 20 tu kutoka chini, milimita moja ni kama lita 9. Mtu akikosea milimita 5 katikati ya tangi, unene wa kalamu ya risasi haujafika, tayari amepoteza au amezalisha lita 80 ambazo hazikuwahi kwenda popote.

Ndiyo maana upungufu wa siku moja haumhukumu mtu. Jumatatu kituo kinaweza kuonyesha upungufu wa lita 70, Jumanne ziada ya lita 40, Jumatano upungufu wa 55, Alhamisi ziada ya 20, Ijumaa upungufu wa 60. Anayemkata mhudumu wa Jumatatu lita 70 angepaswa pia kumlipa yule wa Jumanne lita 40, jambo ambalo halijawahi kusikika. Ukizijumlisha siku hizo tano unapata upungufu wa lita 125, na jumla hiyo ndiyo yenye habari. Kosa la kusoma fimbo huenda huku na kule na kujifuta lenyewe kadiri siku zinavyopita. Upungufu wa kweli haujifuti, unazidi kujikusanya upande mmoja.

Sasa mvuke. Petroli huvukiza kweli, na kituoni hutoka kwa njia mbili kubwa. Wakati wa kushusha, mafuta yanayoingia husukuma nje hewa iliyojaa mvuke kupitia bomba la kupumulia. Hiyo ndiyo harufu inayopiga puani boza likiwa linashusha. Halafu siku zote tangi linavuta hewa safi kadiri mafuta yanavyouzwa na kutoa kidogo kidogo mvuke unaotokana nayo.

Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limeweka makadirio ambayo wahandisi wengi huyatumia. Bomba la kujazia likifika karibu na sakafu ya tangi, mafuta yakaingia kwa chini, mvuke unaopotea ni kama miligramu 880 kwa kila lita inayoshushwa. Bomba likiishia juu, mafuta yakadondoka kama mvua, upotevu hupanda hadi miligramu 1,380. Mvuke wa kurudishwa kwenye boza kwa mpira wake maalumu huupunguza hadi miligramu 40 tu. Kupumua kwa tangi huongeza miligramu 120 nyingine.

Kituo chetu kina bomba linalofika chini, lakini hakirudishi mvuke. Kwa hiyo kinapoteza miligramu 880 na 120, yaani gramu moja kwa kila lita. Kwa lita 120,000 hizo ni kilo 120. Kinachopaa ni sehemu nyepesi ya petroli, na kikigeuzwa kuwa kimiminika, lita yake ina uzito wa gramu 640 hivi. Basi mvuke wa mwezi mzima ni takriban lita 190. Makadirio hayo ni ya wastani wa Marekani, na kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga kiasi kinaweza kuwa kikubwa zaidi. Hata hivyo, kwenye hesabu yetu mvuke haufikii hata robo ya lita 800.

Kuna kitu kingine kinachosahauliwa. Mvuke mwingi unaoonekana ukitetemeka kwenye mdomo wa tangi la gari wakati mteja anajaziwa haumo kabisa katika upungufu wa kituo. Mafuta hayo yameshapita kwenye mita na yameshalipiwa. Ni hasara ya mwenye gari na ya hewa anayovuta mhudumu. Vivyo hivyo kwa petroli inayomwagika kutoka kwenye mkono wa pampu. Meneja anayeitaja miongoni mwa sababu za tangi lake kupungua anahesabu kitu ambacho daftari limeshakiandika kuwa mauzo.

Zimebaki zaidi ya lita 600, na sehemu kubwa yake ina sababu ambayo ni nadra kutajwa kwenye kikao cha tajiri na meneja: mafuta yamepoa.

Petroli hutanuka ikipata joto na husinyaa ikipoa, kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi. Dizeli hubadilika kidogo kuliko hivyo, asilimia 0.08 hivi. Hakuna tone linalotoka, na uzito unabaki uleule, ila lita zimepungua. Boza likipakiwa kwenye maghala ya Kurasini au Kigamboni mchana wa joto, mafuta yanaweza kuwa na nyuzi 30. Barabara ya kwenda Iringa ina urefu wa kilomita zipatazo 500 na inapanda hadi mji ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Boza lililosafiri usiku likifika na nyuzi 24, kila chemba ya lita 6,000 imesinyaa kwa zaidi ya lita 40 njiani. Dereva anaweza kukuta usawa uko chini ya alama ilhali lakiri zake zote ni nzima, na akaonekana mwizi.

Kituo cha mfano kiliepuka mgogoro huo kwa kupima kilichofika. Lakini mafuta hayakuacha kupoa. Ardhi ya Iringa ni baridi, na tuseme tangi lina nyuzi 21. Petroli iliyoingia na nyuzi 24 inashuka nyuzi tatu nyingine ikiwa ndani ya tangi. Nyuzi tatu zinaonekana si kitu. Kwa lita 120,000 ni lita 432, zaidi ya nusu ya upungufu wote wa mwezi na zaidi ya mara mbili ya mvuke.

Mtu mwenye vituo viwili, kimoja Dar es Salaam na kingine nyanda za juu, asipoliona hili atamtendea vibaya meneja wa huku juu. Pwani, tangi lililo ardhini lina joto lisilotofautiana sana na la boza, hivyo kusinyaa ni kudogo. Meneja wa pwani ataonekana mwaminifu na wa Iringa ataonekana mla mafuta, na wote wawili wanafanya kazi ileile kwa uangalifu uleule. Wakenya wanaopeleka mafuta ya moto kwenye miji ya baridi ya Bonde la Ufa wanakutana na tofauti hiyohiyo.

Dawa ya hili ni kipimajoto. Huteremshwa ndani ya tangi la kituo na ndani ya boza, nyuzi huandikwa kando ya lita, na lita zote hugeuzwa kuwa za joto moja la rejea kwa jedwali kabla ya kulinganishwa. Wafanyabiashara wa mafuta kwa jumla wamezoea kufanya hivyo siku nyingi. Kanada imekwenda mbali zaidi, kwani huko pampu za rejareja zinaruhusiwa kurekebisha zenyewe na kuuza lita za nyuzi 15. Vituo vya kwetu huuza lita kama zilivyo saa hiyo, hivyo kazi ya kurekebisha humwangukia anayetengeneza ripoti.

Sababu ya tatu ni pampu, na hapa ndipo lakiri inapowadanganya wengi. Katika Tanzania pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mkaguzi hutumia chombo cha chuma cha lita 20 chenye shingo nyembamba na kipimo kilichochorwa kwenye shingo hiyo. Chombo hulowanishwa kwanza, humwagwa na kuachwa kidondoke, ndipo hujazwa mpaka pampu isome 20 kamili, kisha husomwa shingoni. Kiwango cha kimataifa kwa pampu za mafuta huruhusu kosa la nusu asilimia, yaani mililita 100 katika lita 20, kwa kuzidi au kupungua. Pampu iliyo ndani ya mpaka huo inapita. Lakiri haisemi kwamba pampu haina kosa. Inasema kosa lake halijavuka mpaka.

Kituo chetu kina mikono mitatu ya petroli, yote imepita. Wa kwanza unatoa mililita 60 zaidi katika kila lita 20, sawa na asilimia 0.3, na ndio ulio karibu na barabara, hivyo uliuza lita 50,000. Umegawa bure lita 150. Wa pili unapunja mililita 20 katika lita 20; kwa lita 40,300 umebakiza tangini lita 40 ambazo wateja wamezilipia. Wa tatu uko sawasawa. Ukitoa 40 kwenye 150, pampu zimechangia upungufu wa lita 110.

Mkono wa kwanza haukuharibiwa na mtu. Mita nyingi za pampu hupima kwa pistoni zinazojaa na kumwaga, na zikilika kwa kazi ya miaka, mafuta kidogo hupenya pembeni bila kuhesabiwa. Kwa kawaida, kuchakaa kwa mita humfaidi mteja na kumuumiza mwenye kituo. Hivyo pampu ya zamani inayopunja ni ya kutiliwa mashaka kuliko inayozidisha. Vilevile mapendekezo ya kimataifa ya vipimo hayaruhusu mtu kuutumia mpaka huo wa makosa kimakusudi ili kujinufaisha. Mpaka umewekwa kwa ajili ya udhaifu wa mashine, na anayezipanga pampu zake zote zikae upande wa kupunja anawaibia wateja hata kama lakiri ni nzima.

Kila mkono unapopimwa, lita 20 za majaribio hupita kwenye mita bila kuuzwa. Zisiporudishwa tangini, au zikirudishwa bila kuandikwa, daftari linaharibika. Mikono mitatu ikijaribiwa mara mbili ni lita 120.

Jumlisha sasa: mvuke 190, kupoa 432, pampu 110. Ni lita 732. Zimebaki 68 zisizo na maelezo, ambazo kwa usawa wa tangi lile mwisho wa mwezi ni kati ya milimita 4 na 5 za fimbo. Hakuna mahakama ya haki inayoweza kumtia mtu hatiani kwa milimita hizo.

Kwa kulinganisha, kanuni za Marekani za mwaka 1988 kuhusu matangi ya ardhini, zilizotungwa baada ya uvujaji kuchafua maji ya visima, zinamtaka anayetegemea dipu apime kwa uangalifu na kujumlisha kila mwezi. Tofauti ikizidi asilimia moja ya mafuta yaliyopita pamoja na galoni 130, ambazo ni lita 492, tangi linashukiwa kuvuja. Kwa kituo chetu mpaka huo ungekuwa takriban lita 1,705. Umewekwa mbali hivyo kwa kuwa waliouweka walijua fimbo, joto na pampu vinavyoweza kufanya kwa mwezi mmoja.

Lakini mpaka mpana una hatari yake. Lita 800 zenye maelezo na lita 800 zilizoingia kwenye kisima cha jirani zinafanana kabisa kwenye mstari wa mwisho wa ripoti. Kinachozitofautisha ni lini na wapi zilipotea, na hilo linahitaji daftari la kila siku linaloonyesha jumla inayosonga mbele.

Mafuta yakisinyaa, upungufu huonekana siku ya kushusha na moja au mbili zinazofuata, kisha hutulia. Kosa la pampu linafuata mauzo: siku ya mauzo makubwa upungufu ni mkubwa, siku ya mvua wateja wakipungua nao hupungua. Wizi wa jumla huja kwa kuruka, lita mia kadhaa kwa mara moja, aghalabu siku ya kushusha au kwenye zamu fulani. Uvujaji hauangalii mauzo wala boza, unaendelea hata kituo kikifungwa. Ndiyo maana jaribio rahisi kuliko yote hufanyika usiku: pampu hufungwa, dipu hupigwa saa tatu usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, mkono uleule, fimbo ileile, tundu lilelile. Mafuta yaliyotulia siku kadhaa hayatakiwi kushuka. Yakishuka milimita kadhaa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, kazi ya fimbo imekwisha na mwenye tangi anahitaji fundi wa kulipima.

Ncha ya fimbo nayo isiachwe. Dawa ya maji ikibadilika rangi hadi sentimita kadhaa, kuna maji chini, na maji hayo yanahesabiwa kama mafuta na kuficha upungufu. Tangi linalovuja kwenye ardhi yenye maji linaweza kuonyesha dipu nzuri mwezi mzima. Ziada pia ni dalili. Kituo kinachoonyesha ziada ya petroli kila mwezi, licha ya mvuke na baridi, ama kinaingiza maji ama kinawapunja wateja.

Dizeli ndiyo shahidi anayepuuzwa kuliko wote, ilhali iko kwenye tangi la pili palepale kituoni. Dizeli haivukizi kwa kiasi cha kuhesabika. Tangi la dizeli likipoteza asilimia ileile kama la petroli, mvuke hauwezi kuwa sababu, na anayeutaja aombwe kueleza dizeli imepaaje. Zikiondolewa lita za kupoa, kinachobaki kwenye dizeli ni pampu, boza, bomba au mkono wa mtu.

Meneja wa Iringa ana hatua moja ya kuchukua mara moja, nayo ni mkono wa kwanza wa pampu. Haruhusiwi kuugusa mwenyewe, kwa sababu kurekebisha mita ni kukata lakiri. Anamwita fundi mwenye leseni, na Wakala wa Vipimo wanahakiki na kufunga lakiri upya. Ukirudishwa kwenye sifuri, mauzo yakibaki yaleyale, upungufu wa mwezi ujao unatakiwa kuwa karibu lita 650. Ukibaki 800, kuna lita 150 mpya za kutafuta, na safari hii pampu hiyo haimo tena kwenye orodha.